Kalcha iliyozoeleka inapogoma ghafla kugandisha yogati

Ukianza kutengeneza yogati ya kuuza, iwe Njoro, Kisumu au Kitale, utafundishwa mapema kubakisha kidogo ya jana ili igandishe ya leo. Njia hiyo hukubali kwa wiki nyingi, halafu siku moja joto ni lilelile, saa ni zilezile, na jioni maziwa bado yanamiminika. Wa kwanza kulaumiwa huwa mleta maziwa. Mara nyingi anasingiziwa.

Tuseme unagandisha lita 40 kwa siku. Unatia lita 1 ya yogati ya jana kwenye nyuzi 43, na inaganda kwa saa 5 hivi. Ndani ya kalcha, yaani hicho cha kugandishia, mna bakteria wa aina mbili: streptokokasi, anayetangulia kutia uchachu, na laktobasilasi, anayemalizia. Anayeshambuliwa zaidi ni yule wa kwanza, na anayemshambulia ni faji, yaani kirusi kinachokula bakteria peke yake. Mtu akiinywa yogati yenye faji haimdhuru. Faji hujidunga kwenye bakteria, huzaana ndani yake, na kwa muda wa nusu saa hadi saa moja humpasua na kutoa makumi au mamia ya faji wengine.

Hapo ndipo ule ughafla unapotoka. Unapotia lita 1 ndani ya lita 40, umewapunguza faji mara 40 tu, na mzunguko mmoja wa kuzaana unaweza kuwazidisha mara 100. Siku za mwanzo ni wachache mno, bakteria wanawashinda mbio. Saa 5 zinakuwa 5 na nusu, kisha 6, na wengi husema ni baridi ya Nakuru. Siku faji wanapowahi kuwamaliza streptokokasi kabla uchachu haujafika, pH, kipimo kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, inaanza kushuka vizuri halafu inasimama, labda kwenye 5.3, badala ya kufika 4.6. Mursik ya kibuyu huvumilia zaidi kwa sababu mna bakteria wa namna nyingi. Faji huchagua sana, na anayeua namna moja huiacha nyingine.

Kabla ya kumwaga chochote, pima. Chemsha maziwa yaleyale, yapoze hadi nyuzi 43, gawa kwenye mitungi miwili. Mmoja utie kalcha yako, wa pili kalcha ya pakiti ya aina nyingine. Yote miwili ikigoma, shuku dawa ya ng'ombe aliyetibiwa kiwele. Hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ukigoma wa kalcha yako tu, ama kalcha imechoka au ina faji. Kutofautisha, chukua yale maji ya rangi ya kijani-njano yaliyojitenga kwenye yogati iliyogoma, na nusu yake uichemshe dakika 20. Andaa mitungi miwili ya nusu lita kwa pakiti mpya ya kalcha ileile uliyoanzia. Mmoja utie kijiko cha chai cha maji mabichi, wa pili kijiko cha yaliyochemshwa. Wenye maji mabichi ukichelewa na mwenzake ukaganda, ni faji.

Dawa yake ni kuacha kabisa kubakisha ya jana na kuzungusha kalcha tatu, tuziite A, B na C. Muulize muuzaji kama zina bakteria wasioshambuliwa na faji mmoja. Majina mawili kwenye pakiti si hoja, huenda ndani ni walewale. Jumatatu na Jumanne tumia A, Jumatano na Alhamisi B, Ijumaa na Jumamosi C. Kwa kila zamu, chukua lita 2 za maziwa uliyoyashikilia kwenye nyuzi 90 kwa dakika 30, yapoze, gandisha kwa pakiti, weka kwenye friji. Kila siku unatumia lita 1. Faji aliyezoea A akikuta B hana pa kuzalia. Usizichanganye A na B ndani ya sufuria moja, maana utakuwa unawalisha faji wote kila siku.

Lakini mzunguko bila usafi ni bure. Maji ya yogati ndiyo makao ya faji, na joto la kawaida la kupasha maziwa, nyuzi 72 kwa sekunde 15, halimalizi faji wote. Andaa kalcha asubuhi kabla hujafungua yogati ya jana, mbali na unapochujia. Vyombo vioshe kwa sabuni kwanza, kwa sababu mabaki ya maziwa humaliza nguvu ya klorini. Kisha loweka dakika 15 kwenye ndoo ya lita 10 yenye jiki mililita 60, kama ni ya asilimia 3.5, na suuza kwa maji safi. Usisahau kifuniko na mwiko.

Andika saa ya kuganda kila siku, kalcha kwa kalcha. A ikichelewa nusu saa zamu mbili mfululizo huku B na C ziko sawa, itoe kwenye mzunguko na utafute nyingine ya kuchukua nafasi yake.