Je, lazima mwanangu amtazame mshtakiwa?

"Binti yangu ana miaka 9, ataitwa kutoa ushahidi wa ukatili wa kingono mahakamani hapa Mbeya. Akisikia tu jina la mshtakiwa anatetemeka. Je, lazima amtazame?"

Pole sana, mama. Kesi za makosa ya kingono husikilizwa faragha, kwa hiyo ukumbi hautajaa watu. Kuhusu mshtakiwa, mwone wakili wa Serikali mapema, siyo asubuhi ya kesi, aombe pazia au ushahidi wa video kama vifaa vipo. Pazia huficha sura tu. Mshtakiwa ana haki ya kusikia na kuhoji, na kama hana wakili atauliza mwenyewe. Sauti hiyo ndiyo humvunja mtoto, basi omba hakimu ayafikishe maswali yake.

Mimi naogopa zaidi maswali yenyewe. Mtoto akiulizwa, "Hukumwona jikoni, siyo?" akajibu "Ndiyo", kwa Kiswahili chetu amekubali kwamba hakumwona. Baadaye akisema, "Alikuwa jikoni", anaitwa mwongo. Wakili aombe swali liulizwe upya: "Ulimwona wapi?" Jambo moja kwa swali moja. Na kama nyumbani mnaongea Kinyakyusa, mwombeeni mkalimani.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kusema kweli na si uongo. Wakili ahakikishe hakimu ameiandika ahadi hiyo kabla ya ushahidi. Ikikosekana, rufaani ushahidi wake unaweza kutupwa. Wewe usimkaririshe maneno.