Kuunganisha picha za droni na za kamera ya mkononi shambani

"Natengeneza video ya shamba la mboga Kigamboni. Kila nikitoka kwenye droni kwenda kamera ya mkononi, picha zinagongana. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, mara nyingi mgongano huo hutokana na mwendo: droni husimama, picha hukatwa, kisha kamera ya chini huanza kutembea, na mtazamaji huhisi kama gari limefunga breki. Chukua tuta moja la mchicha, uishushe droni ikifuata mstari wake hadi kama mita tatu, bila kuisimamisha. Usishuke zaidi, kwani upepo wa mapanga yake utatikisa majani na kuisaliti. Kisha inua kamera ya mkononi kwa fimbo ndefu, uanze kutembea hatua kadhaa kabla ya eneo lile, ukielekea upande uleule huku ukiishusha taratibu hadi usawa wa majani. Kata wakati kamera zote mbili ziko katika mwendo, tuta likiwa mahali palepale kwenye fremu. Kadiri unavyokaribia majani ndivyo yanavyoonekana kukimbia, kwa hiyo tembea polepole kuliko droni ilivyoruka.

Rekodi zote mbili ndani ya nusu saa, maana jua la asubuhi hupanda haraka na vivuli hufupika. Kamera zote ziwekwe fremu 25 kwa sekunde na rangi ya mwanga 5600K, si "Auto", la sivyo kijani cha mchicha kitabadilika ghafla kwenye kiungo.