Ngozi au bandia? Maswali ya mafundi viatu

Nimebandika soli za jozi kumi kwa gundi moja, siku moja. Tano za ngozi zimeshika, tano za bandia zimeachia zote kabla mwezi haujaisha. Nimekosea wapi?

Chukua kimojawapo kilichoachia, upitishe kidole pale palipokuwa na gundi. Ukikuta imelainika, inanata na kuvutika nyuzinyuzi kama asali nzito, basi mkono wako hauna kosa. Gundi na bandia hiyo havipatani.

Bandia yako ni PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu kama bomba la maji, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na kilainishi cha mafutamafuta ili ikubali kukunjika. Kilainishi hicho hakitulii mahali pake. Kidogo kidogo hutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye ile gundi ya njano ya kontakti tuliyoizoea sote, kisha huilegeza. Ndiyo maana siku ya kwanza ulivuta soli ikagoma, na wiki ya tatu ikatoka kwa vidole viwili. Soli nayo ikiwa ya PVC, gundi hushambuliwa pande zote mbili.

Bandia ya PU haina tabia hii, ila dukani zote mbili huuzwa kwa jina moja. Kuna njia ya zamani ya kuzitambua. Pasha waya wa shaba motoni hadi uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ya kijani tena, uguse kwenye uso wa bandia ili plastiki kidogo inate kwenye waya, kisha urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni PVC. Fanya hivyo nje kwa kipande kidogo tu, na moshi wake usiuvute, maana unachoma koo na mapafu.

Kwa PVC tumia gundi ya poliyurethani. Kwanza futa sehemu ya kubandika kwa kiyeyusho kinachopendekezwa kwenye kopo la gundi, mlango ukiwa wazi. Changanya kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa, na uchanganye ya kazi ya saa chache tu kwa sababu ikishaanza kuganda haifai tena. Paka pande zote mbili, acha ikauke, ipashe moto mpaka irudi kunata, halafu bana kwa nguvu. Kabla hujaingia kwenye jozi za mteja, bandika ukanda mmoja wa bandia juu ya kipande cha soli, uache sehemu yenye joto kwa wiki mbili, kisha uvute. Mimi sianzi roli jipya bila ukanda huo, hata muuzaji akiapa kwamba ni lilelile la jana.

Mwenzangu anatumia bandia, anamaliza dazeni mimi bado nakata ngozi. Na ngozi yenyewe inaniishia. Hesabu yake ikoje?

Tuseme vipande vya juu vya jozi moja ya mtu mzima vinajumlisha futi za mraba 2. Ngozi ina makovu, matundu ya kupe, miguu na tumbo linalolegea, kwa hiyo robo yake kupotea ni jambo la kawaida. Hapo jozi moja inakula futi 2 na theluthi mbili, na dazeni inakula futi 32. Bandia haina kovu. Ukipanga vipande vizuri unapoteza labda sehemu moja kwa kumi, na dazeni ileile inakula chini kidogo ya futi 27. Roli lenye upana wa mita 1.4 lina takriban futi za mraba 15 katika kila mita, kwa hiyo mita 1.8 zinatosha.

Hiyo ni hesabu ya eneo. Mwenzako anakuacha zaidi kwenye kisu. Yeye anaweza kutandika tabaka kadhaa na kukata kwa pamoja. Wewe kila ngozi lazima uisome peke yake. Na uisome kweli: vuta kwa mikono miwili uone inanyooka zaidi upande gani, kisha panga uso wa kiatu ili upande usionyooka uende kutoka kidoleni kuelekea kisigino. Uso ukate mgongoni mwa ngozi, kushoto na kulia vikae jirani ili rangi zifanane. Tumboni toa ulimi na vipande visivyobeba mzigo. Ukikata uso wa kiatu tumboni kwa kubana matumizi, kiatu kitatanuka kama soksi kuukuu, na mteja atakirudisha.

Kwa hiyo unapopanga bei, usilinganishe futi kwa mita. Linganisha dazeni kwa dazeni, na saa zako za kukata uziweke ndani.

Mshono wangu kwenye bandia unachanika mstari mzima, kama stempu.

Angalia ncha ya sindano. Sindano ya ngozi ina ncha yenye makali, inakata tundu. Ngozi ni msokotano wa nyuzi, inavumilia. Bandia nguvu yake yote iko kwenye kitambaa cha nyuma, na wewe unakikata nyuzi. Weka sindano ya ncha ya mviringo, na urefushe mshono ufike karibu milimita 3. Niliwahi kuharibu begi zima la oda kabla sijajua hili, kwa kudhani kushona kwa karibukaribu ndiyo uimara.

Nimeuziwa "ngozi halisi", nyuma ina nyuzi kabisa, lakini uso unabanduka kama rangi ya ukuta.

Ni ngozi, ila ni tabaka la chini. Ngozi nene hupasuliwa kwa mashine. Tabaka la juu ndilo lenye vinyweleo na nguvu, la chini hupakwa plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo. Kata ukingo kwa kisu kikali uutazame kwenye mwanga. Ukiona utando wa plastiki umekaa juu kama ganda, na chini nyuzi zilizolegea, usiutumie sehemu ya kiatu inayokunjika vidoleni.

Mteja ananiambia viatu vya bandia vinabana. Nimemwambia vitalegea, havikulegea.

Havitalegea. Ngozi hupokea jasho na joto la mguu na kufuata umbo lake. Bandia hunyooka kidogo na kurudi. Kwa bandia chagua kalibu yenye nafasi tangu mwanzo.

Uwezo wangu ni wa ngozi kidogo tu. Niiweke wapi?

Ndani. Wengi huiweka nje ionekane, na ndani wanatia bandia, halafu mguu unachemka na soksi zinalowa. Fanya kinyume. Uso wa nje uwe PU nzuri, bitana na soli ya ndani viwe vya ngozi isiyopakwa plastiki, maana hiyo hunywa jasho mchana na kulitoa usiku. Bitana ya milimita 0.8 hadi 1 inatosha, na vipande vya tumbo vilivyokushinda kwenye uso vinafaa hapa. Kwenye kisigino geuza ngozi, upande wenye nyuzi uelekee soksi, ili mguu usichomoke.