Sivii ya kazi ya mbali, nisome nini?

"Natafuta mtu wa huduma kwa wateja, atafanyia kazi nyumbani Dar, timu iko New York. Sivii zote zinasema 'najisimamia' na zote zina Slack na Zoom. Nichague vipi?"

Ndugu yangu, hiyo "najisimamia" iruke tu, tafuta mstari unaoonyesha kazi ilivyoenda bosi akiwa amelala. Niliwahi kupata sivii mbili, mmoja kaandika majina ya app basi, mwingine kaandika kila saa kumi na moja jioni alikuwa anaacha noti Trello, tiketi ipi imefungwa, ipi imekwama na inamsubiri nani. Huyo wa pili ndo nilimwita, maana saa hiyo New York ni saa nne asubuhi, na wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa tatu, kwa hiyo wakifungua kompyuta kazi wanaikuta imeelezwa, hawaanzi kuulizana.

Asiyewahi kufanya kazi ya mbali usimtupe, kama kasoma Chuo Kikuu Huria huku ameajiriwa hiyo nayo inaonyesha kujipangia muda. Ila sivii inabaki ni maneno yake, mpe tiketi moja ya kweli iliyokwama, futa jina la mteja, akuandikie noti ya makabidhiano. Ukiisoma ukabaki na maswali matatu, na timu yako itabaki nayo.