Saa 2:00 ya lugha gani? Barua pepe ya kazi kwa mgeni wa ofisi za korosho

Ukianza kazi Mtwara kwenye kampuni inayonunua korosho, utaandika barua pepe nyingi kuliko ulivyotarajia. Asubuhi unamwandikia mtunza ghala aliyeko Masasi, mchana unamjibu wakala wa forodha hapa bandarini, na jioni kuna mnunuzi wa India au Vietnam anayesubiri nyaraka. Ndani ya siku moja unatumia Kiswahili na Kiingereza, na kabla hujajua, lugha zote mbili zimeingia katika sentensi moja. Ofisini ndivyo tunavyozungumza, kwa hiyo vidole vinaandika kama mdomo unavyosema.

Niliandika hivyo msimu wangu wa kwanza. Hii ndiyo barua niliyomtumia mtunza ghala wetu, mzee wa umri wa baba yangu:

```
Habari Mzee,
Please note truck ya pili itafika Friday 2:00, so team iwe ready.
Pia tulipeleka sample na certificate ya lot ya kwanza
lakini imekataliwa, kindly rudia before kesho.
```

Niliisoma mara moja, nikaona imeeleweka, nikaituma. Mimi nilielewa kwa sababu nilikuwa najua tayari ninachotaka kusema. Yeye alikuwa na maneno haya tu.

Tuanze na saa. Nilikusudia saa mbili asubuhi. Yeye akasoma saa nane mchana, na hakukosea. Msomaji wa Kiswahili anajua tarakimu za saa zinasomwa kwa saa ipi kwa kuangalia lugha inayozizunguka. Ukiandika "lori litafika saa 2:00", kila mtu anahesabu kuanzia mapambazuko. Ukiandika sentensi nzima ya Kiingereza yenye 2:00, msomaji huyohuyo anahamia kwenye saa ya Kiingereza, ambako 2:00 ya kazini ni saa nane mchana. Tofauti ya saa hizo mbili siku zote ni saa sita. Lugha ya sentensi ndiyo inayomwambia msomaji ashike ipi, na mimi nilianza kwa Kiingereza, nikaweka kitenzi cha Kiswahili, nikataja siku kwa Kiingereza, kisha nikaacha tarakimu peke yake bila hata neno "asubuhi". Mzee aliona barua imetoka ofisini, imefunguliwa kwa "Please note", imetaja "Friday". Akachagua saa ya Kiingereza. Nami ningechagua hiyohiyo.

Lori la tani 30 lilifika ghalani saa mbili asubuhi kuchukua gunia 375. Makuli walikuwa wameambiwa waje saa nane. Dereva alikaa saa sita chini ya mwembe, na lori lililopaswa kuwa Mtwara kabla ya jua kuzama likaingia usiku, geti limefungwa.

Hapo ndipo watu wengi husema basi tuandike kwa mtindo wa saa 24. Unasaidia, lakini ukiuweka peke yake unamwachia msomaji kazi ya kugeuza. Mimi sasa naandika kwa Kiswahili kamili, "saa 2:00 asubuhi", halafu naongeza 08:00 pembeni, maana hiyo ndiyo inayoonekana kwenye simu ya dereva. Na jambo dogo la huku kwetu pwani: ukitaja usiku, kuwa mwangalifu zaidi. Kwa wazee wengi "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua likishazama. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", na ubishi unakwisha. Ukiandika "Friday usiku" umechanganya hesabu mbili za siku kama nilivyochanganya hesabu mbili za saa.

Kosa la pili ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu halionekani hata ukiisoma barua mara tatu. Angalia neno "imekataliwa". Ni nini kilichokataliwa?

Kilichokataliwa kilikuwa cheti. Wakala alikirudisha kwa sababu tarakimu moja ya namba ya loti ilikuwa imekosewa. Sampuli haikuwa na tatizo lolote, mnunuzi alikuwa ameshaikubali. Lakini mzee alifungua ghala, akachukua bambo, akaanza kuchoma magunia upya. Loti ile ilikuwa ya tani 40, yaani gunia 500 za kilo 80, na sampuli ya haki haichukuliwi kwenye magunia ya mbele tu. Ilimpotezea nusu siku. Aliponipigia jioni kuniambia sampuli mpya iko tayari, nilinyamaza. Nilipomweleza kuwa ni cheti, alinijibu kwa upole ambao sijausahau:

"Mwanangu, ungeandika kimekataliwa, nisingegusa gunia hata moja."

Sentensi hiyo ina somo zima ndani yake. Kiswahili kina ngeli, na ngeli inafanya kazi ambayo Kiingereza hakina kifaa cha kuifanyia. Cheti kimekataliwa. Sampuli imekataliwa. Lori limekataliwa. Magunia yamekataliwa. Silabi ya kwanza ya kitenzi inanyoosha kidole kwenye kitu chake, hata kama vitu vimetajwa vinne mfululizo. Neno la Kiingereza likiingizwa bichi halina ngeli yake, kwa hiyo tunalitupia kwenye i- na zi-: truck imefika, certificate imefika, sample imefika, container imefika. Vyote vinakuwa "i". Kitenzi kinaendelea kuwa na kiambishi, lakini kiambishi hakichagui tena kitu. Umeondoa uzio uliokuwa unatenganisha vitu viwili, na hujui kama umeuondoa.

Ndiyo maana neno lililokwisha kuwa la Kiswahili halina madhara hata kama lilitoka mbali. Lori, cheti, kontena, stoo, loti, ripoti, risiti, sampuli, wakala: yametoka Kiingereza, Kiarabu na kwingineko, lakini yamepewa ngeli na watu wameizoea. Cheti kimepata ki- na wingi wake ni vyeti. Lori limepata li-. Tatizo halipo kwenye asili ya neno, lipo kwenye neno lisilo na mahali pa kukaa katika sarufi.

Kuna la tatu, la adabu, na nalisema kwa kifupi ingawa linaniuma. Niliandika "kindly rudia". Niliamini neno lile la Kiingereza linalainisha amri. Halilainishi. "Rudia" ni amri tupu, na nilikuwa nampa mtu wa kumwamkia. Upole wa Kiswahili uko ndani ya kitenzi na katika "naomba": naomba urudie, naomba kiandikwe upya. Ukibandika upole wa lugha moja juu ya amri ya lugha nyingine, mpokeaji anasikia amri tu.

Hivi ndivyo ningeiandika leo:

```
Yah: Lori la pili, na cheti cha loti ya kwanza

Shikamoo Mzee,

Lori la pili litafika ghalani Ijumaa saa 2:00 asubuhi, yaani 08:00.
Naomba makuli wawepo kuanzia saa 1:30.

Cheti cha loti ya kwanza kimekataliwa kwa sababu namba ya loti
imekosewa. Sampuli imekubaliwa, haihitaji kurudiwa. Naomba cheti
kiandikwe upya na kinifikie Alhamisi kabla ya saa 10:00 jioni.
```

Imekuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Naona ni bei ndogo.

Sasa usiende upande wa pili ukadhani kila neno la Kiingereza ni uchafu. Kuna mahali linakaa vizuri, na ukilitoa ndipo unapoonekana hujui kazi. Mahali pa kwanza ni jina lililochapwa kwenye hati au kuandikwa kwenye skrini, ambalo msomaji atalitafuta kwa macho. Wakala wa forodha ana rundo la karatasi, moja imeandikwa juu kabisa `Bill of Lading`. Mwandikie "naomba nakala ya Bill of Lading ya kontena la tatu" na atainyanyua mara moja. Ukimbunia jina zuri la Kiswahili, atakupigia simu kuuliza unataka nini. Vivyo hivyo fomu ya ubora ina kisanduku cha `KOR`, yaani paundi za kiini kizuri zinazopatikana katika gunia moja la kilo 80. Andika "KOR ya loti hii ni 50" na mtu wa ubora amekuelewa. Na mfumo wa malipo ukionyesha `Pending Approval`, nakili maneno hayo kama yalivyo: "Malipo yamekwama, mfumo unaonyesha Pending Approval tangu jana saa 5:00 asubuhi." Anayekusaidia atayatafuta hayohayo. Ona kwamba katika mifano yote mitatu Kiingereza kimebaki jina tu. Kitenzi, saa na ombi vimebaki Kiswahili.

Mahali pa pili ni barua yenye wasomaji wawili. Ukijua barua ya mtunza ghala itapelekwa mbele kwa mnunuzi wa nje, andika aya nzima ya Kiswahili, acha mstari, kisha aya nzima ya Kiingereza. Kila mmoja anasoma yake mwanzo hadi mwisho. Hapo hakuna anayeona uzembe, kwa sababu lugha inabadilika kwenye mpaka, si katikati ya kitenzi. Saa uziandike upya katika kila aya kwa kanuni ya aya hiyo: juu saa 2:00 asubuhi, chini 8:00 a.m. Usinakili tarakimu.

Na kati yako na mwenzako wa meza ya pili, anayekujua, "Asante, noted" haina ubaya wowote. Hakuna agizo ndani yake, hakuna saa, hakuna kitu cha kuchanganya na kingine. Ila ujumbe huohuo ukianza kubeba tarehe au kiasi cha gunia, hamia kwenye lugha moja, kwa sababu utafunguliwa tena msimu ukiisha, na aliyeufungua hatakuwa huyo rafiki yako.

Kabla ya kutuma, isome kwa sauti. Sisemi hivyo kwa ajili ya urembo wa lugha. Ghalani mwenye barua pepe ni mmoja. Madereva na makuli wanapata habari kwa kusomewa. Barua iliyochanganywa haiwezi kusomwa ilivyo, lazima mzee aisimulie upya kwa maneno yake, na saa nane yangu ilizaliwa katika kusimulia huko. Cheti kilipoandikwa upya nilikuwa kwenye simu naye wakati anawasomea vijana barua yangu ya pili. Aliisoma neno kwa neno, hakuongeza kitu, akaendelea na kazi yake.