Baruapepe itakayosomwa kwenye simu: tangulia na ombi lako

Ndugu unayeanza kazi ya ofisini, watu wengi utakaowaandikia, hasa viongozi, wataisoma barua yako kwenye simu wakiwa safarini au katikati ya kikao. Kabla hawajaifungua watakuwa wameshaona mambo matatu: jina lako, mada uliyoandika, na maneno machache ya mwanzo wa barua yenyewe. Programu ya Gmail ya kwenye simu huonyesha kiasi cha mstari mmoja wa maneno hayo, na programu ya barua ya iPhone, isipobadilishwa, huonyesha mistari miwili. Kwa sehemu hiyo ndogo msomaji huamua kama afungue sasa hivi au aiache hadi atakaporudi ofisini, na barua iliyoachwa hadi jioni mara nyingi hufunikwa na nyingine zilizoingia baadaye.

Angalia sasa ni nini huijaza nafasi hiyo katika barua zetu nyingi. Tumefundishwa kuandika barua rasmi zinazoanza na «Husika na kichwa cha habari hapo juu», kisha «Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kila siku». Utaratibu huo ulifaa sana barua ya karatasi, ambayo ilipitia masijala, ikapewa namba ya kumbukumbu, na ikafika mezani kwa mkubwa ikiwa ndani ya faili, ukurasa wote ukionekana mbele yake kwa pamoja. Kwenye simu ukurasa hauonekani wote. Kinachoonekana ni hizo salamu, na barua kumi za watu kumi tofauti huonekana zinasema neno lilelile.

Chukua mfano wa ofisa anayeandaa semina ya walimu wa sayansi mjini Morogoro. Ukumbi uliokubaliwa umekosekana, amepata mwingine ulio ghali zaidi, naye anahitaji idhini ya mratibu wa mradi. Akiandika kwa mazoea, barua yake huwa hivi:

> Mada: Yah: Maandalizi ya semina ya walimu wa sayansi itakayofanyika Morogoro tarehe 12 na 13 Juni
>
> Ndugu Mratibu,
>
> Husika na mada tajwa hapo juu. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kila siku. Kama utakavyokumbuka, katika kikao cha maandalizi tulikubaliana kuwa semina ifanyike katika ukumbi ambao tuliutumia mwaka jana, ambao gharama yake ni Sh 450,000 kwa siku, na nikaagizwa kuwasiliana na mwenye ukumbi. Nilipowasiliana naye alinijulisha kuwa ukumbi huo umeshachukuliwa kwa harusi tarehe 13, hivyo nikalazimika kutafuta mwingine, na baada ya kuzungukia kumbi tatu nimepata mmoja unaotosha watu 40, wenye jenereta, ambao unatozwa Sh 600,000 kwa siku. Mwenye ukumbi anahitaji nusu ya gharama kabla ya Alhamisi mchana, vinginevyo atampa mteja mwingine. Hivyo basi, naomba mwongozo wako kuhusu suala hili. Mchanganuo wa gharama umeambatishwa.

Hakuna uongo wala utovu wa adabu katika barua hii, na kwenye kompyuta inasomeka. Kwenye simu, mada itakatwa karibu na neno «walimu», na mratibu hatajua kwamba anaombwa fedha. Aya hiyo moja inachukua mistari 20 hivi, kwa sababu mstari mmoja wa simu hubeba herufi 40 hivi, wakati mstari wa kompyuta hubeba mara mbili ya hizo au zaidi. Ombi liko mwishoni kabisa, na hata akilifikia hatajua ni kiasi gani kinachoombwa. Itambidi atoe 450,000 katika 600,000, azidishe kwa siku mbili, kisha afungue kiambatisho kutafuta fedha hizo zitatoka wapi.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni maneno «naomba mwongozo wako». Anayejibu kwa simu hujibu kwa ufupi: «Sawa», «Endelea», «Nimeona». Ukiomba mwongozo ukajibiwa «Sawa», umepewa ruhusa ya kulipa, au umeambiwa tu kwamba barua imefika? Itakubidi uandike tena au upige simu, na Alhamisi inakaribia. Kwa hiyo kipimo ninachowapa wote wanaoanza kazi chini yangu ni hiki: andika ombi lako kwa namna ambayo msomaji akijibu «Sawa» tu, utakuwa na kila unachohitaji ili uendelee na kazi. Kipimo hicho kitakulazimisha uamue mwenyewe, kabla ya kuandika, unataka nini hasa, kiasi gani, na mwisho ni lini. Barua nyingi ndefu nilizozipokea zilirefuka kwa sababu mwandishi alikuwa bado hajaamua jambo hilo, akatarajia msomaji amsaidie kuliamua.

Barua ileile, ikiandikwa kwa kipimo hicho, inakuwa hivi:

> Mada: Idhini ya Sh 300,000, ukumbi wa Morogoro
>
> Ndugu Mratibu,
>
> Naomba uidhinishe nyongeza ya Sh 300,000 kwa ajili ya ukumbi wa semina ya Morogoro, kabla ya Alhamisi saa 6 mchana.
>
> Ukumbi tuliokubaliana umechukuliwa kwa harusi tarehe 13 Juni. Nimepata mwingine unaotosha watu 40 na wenye jenereta. Kwa siku mbili utagharimu Sh 1,200,000 badala ya 900,000.
>
> Nyongeza itatoka katika nauli za washiriki watatu waliojitoa, jumla Sh 330,000.
>
> Ukiidhinisha, nitalipa siku hiyohiyo malipo ya awali ya Sh 600,000. Alhamisi mchana ukipita, mwenye ukumbi atampa mteja mwingine.
>
> Nakutakia safari njema. Mchanganuo kamili umeambatishwa.

Mada mpya ina herufi 40 hivi pamoja na nafasi, na hata simu ikiikata mapema, maneno «Idhini ya Sh 300,000» yatakuwa yamekwisha kusomwa. Weka mwanzoni mwa mada kile kinachotakiwa kwa msomaji, kama vile idhini, saini, jibu au taarifa tu, kisha ndipo utaje jambo lenyewe. «Yah:» iondoe, kwa kuwa sehemu ya mada tayari inafanya kazi yake.

Sentensi ya kwanza imebeba kitendo, kiasi, jambo na muda. Kitenzi cha Kiswahili kinakusaidia hapa: «naomba uidhinishe» kinaeleza kwa maneno mawili nani anaomba na nani anatakiwa kutenda. Ukiandika «inaombwa idhini itolewe», umewaficha wote wawili, na mtu aliyewekwa kwenye nakala anaweza kudhani kwamba mwingine ndiye atakayeshughulikia.

Tazama pia kilichoachwa. Habari ya kikao cha maandalizi na ya kuzungukia kumbi tatu imeondoka, kwa sababu mratibu hahitaji kujua jinsi ulivyohangaika ili aweze kuamua. Najua inauma kuifuta sehemu hiyo, hasa kwa mtu mpya anayetaka jitihada zake zionekane, lakini mahali pake ni kwenye ripoti ya semina. Kwa upande mwingine, barua ya pili imeongeza jambo ambalo ya kwanza haikuwa nalo, yaani chanzo cha fedha. Kufupisha hakumaanishi kupunguza sababu za uamuzi. Ukiondoa kitu ambacho msomaji atarudi kukiuliza, umeongeza barua mbili badala ya kupunguza mistari miwili.

Kuhusu aya, kadiria herufi 250 kuwa kikomo, yaani mistari sita au saba ya simu, na kila aya ibebe jambo moja. Aya ndefu husumbua kwenye simu kwa sababu msomaji anaposogeza kwa kidole hupoteza mahali alipofikia, na nafasi tupu kati ya aya ndiyo inayomrudisha. Unapoona «ambao» ya pili katika sentensi moja, au «hivyo» inayounganisha sentensi mbili ndefu, hapo ndipo pa kuweka nukta.

Usiifanye takwimu muhimu itegemee kiambatisho. Jedwali la Excel likifunguliwa kwenye simu huonyesha safu chache za kwanza, na jumla huwa iko kulia kabisa au chini kabisa. Andika jumla ndani ya barua kwa sentensi, kisha uambatishe jedwali kwa ajili ya mhasibu.

Kuna kosa jingine ambalo kwenye kompyuta huenda usilione. Ukinakili maneno kutoka PDF na kuyabandika kwenye barua, mara nyingi kila mstari huja na alama yake ya kukatiza. Kwenye kompyuta mistari hujipanga vizuri, lakini kwenye simu utaona mstari mrefu ukifuatwa na mstari wenye neno moja au mawili, kisha mrefu tena, hadi mwisho wa aya. Jitumie barua hiyo mwenyewe kwanza, uifungue kwenye simu yako, na ukiuona mpangilio huo, rudi kwenye kompyuta ufute mikatizo hiyo mmoja mmoja.

Wengi huniuliza kuhusu heshima, na swali hilo ni la haki. Salamu fupi ibaki: «Ndugu Mratibu», au «Shikamoo Mama» kama ndivyo mnavyoitana, haichukui nafasi kubwa. Maneno marefu ya kumtakia afya na kazi njema yapeleke mwishoni, ambako atayasoma akiwa ameshalielewa jambo lako. Pale ambapo utaratibu wa ofisi unadai barua rasmi yenye namba ya kumbukumbu na saini, iandike kikamilifu kwa mtindo wake, uiambatishe, na katika baruapepe uandike sentensi mbili tatu zinazosema barua inaomba nini na jibu linahitajika lini. Onyo la kinidhamu au habari ya msiba usijaribu kuibana kwa kipimo cha hapa. Hayo yana njia zake.

Ukiwa na maombi mawili yasiyohusiana, andika barua mbili zenye mada mbili, maana «Sawa» moja haiwezi kujibu yote mawili bila utata. Na unapomsogezea mtu mfululizo wa barua za nyuma, usiandike «Tazama hapo chini» peke yake. Baadhi ya programu za simu huyaficha maneno ya barua zilizotangulia nyuma ya nukta tatu, na asiyezigusa nukta hizo hataona kitu. Andika juu kabisa: «Mwenye ukumbi amekubali kusubiri hadi Ijumaa, naomba umjibu kuhusu jenereta», na mfululizo uliobaki uwe wa kurejea endapo atahitaji.