Koli ya wiki, ya mwezi au ya mbali: ununue muda kiasi gani?

"Wakuu, nina kama dola mia sita kwa broka, kuna hisa ya Marekani naona itapanda ndani ya wiki tatu hivi. Ninunue koli ya wiki, ya mwezi au ya mbali zaidi? Ya wiki naona bei chee sana."

Mkuu niko Mbeya huku, koli, yaani haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana kabla ya tarehe fulani, nimezichezea muda sasa, na huo uchee wa ya wiki ndo unaowamaliza wengi. Tuchukue hisa ya dola 100, straiki, yaani hiyo bei mliyokubaliana, 100 hapohapo ilipo bei ya soko, IV, yaani mtikisiko wa bei ambao soko linautarajia, asilimia 30 kwa mwaka, riba na gawio tuviweke pembeni. Koli ya siku 7 itakuwa kama 1.66, ya siku 30 kama 3.44, ya siku 90 kama 5.96. Kontrakti moja ni hisa 100, kwahiyo ni dola 166, 344 na 596. Umeona hapo, muda umeongezeka mara tatu toka siku 30 hadi 90 lakini bei haijafika hata mara mbili, kwa sababu bei ya muda inafuata kipeuo cha pili cha siku zilizobaki, haifuati siku zenyewe. Ukinunua za wiki mfululizo kwa miezi mitatu ni kama dola elfu mbili na ushee zimetoka. Ni sawa na mtu anayelala gesti Mwanjelwa kila siku wakati angepanga chumba Sae, ya siku moja ni ndogo ila ukijumlisha unashika kichwa.

Sasa tuje kwenye wiki tatu zako. Tuseme hisa inalala wiki mbili alafu inaamka, siku ya 21 iko 106. Ya wiki ilishakufa zamani, tuache. Ya mwezi imebakiza siku 9, itakuwa na thamani kama dola 625, faida 281. Ya miezi mitatu imebakiza siku 69, itakuwa kama 888, faida 292. Yaani faida karibu sawa! Watu wakiangalia asilimia wanasema ya mwezi imelipa zaidi, 82 dhidi ya 49, ni kweli, lakini angalia upande wa pili, hisa isipoenda popote siku ya 21 bado iko 100: ya mwezi inabaki kama 188, umepoteza 156, ya miezi mitatu bado ni kama 522, umepoteza 74 tu na bado una miezi miwili na ushee ya kusubiri. Hapo mi ndo huwa naamua, maana kukisia hisa itapanda ni kazi, kukisia itapanda lini ni kazi nyingine kabisa.

Ya wiki nayo isionewe, hisa ikiruka mpaka 106 siku ya nne tu hiyo 166 inakuwa kama 600 na hakuna ya kuifikia hapo. Ila lazima uwe na sababu ya siku yenyewe, sio hisia. Na kama sababu yako ni ripoti ya mapato jua kwamba wenzako wote wanaijua hiyo tarehe, IV inakuwa imeshapandishwa kabla na asubuhi yake inaporomoka, unaweza kuona hisa imepanda na koli yako imeshuka.

Nachofanya mimi, nikiona jambo litachukua wiki tatu nanunua siku 60 mpaka 90, na zikibaki kama 30 natoka au nahamia ya mbele hata kama bado naamini, maana kuanzia hapo Theta, yaani thamani ambayo koli inapoteza kila siku inayopita, inaanza kukimbia. Angalia Theta kwenye skrini ya broka, ile ya siku 90 kwenye mfano wetu inakula kama dola 3 kwa siku, ya siku 7 inakula kama 12.

Kwanini sasa usiende moja kwa moja kwenye LEAPS za mwaka na zaidi? Kwanza hela, ya mwaka mmoja kwa hisa hiyohiyo ni kama dola 1,200, mara mbili ya mtaji wako. Pili IV ikishuka toka 30 hadi 25 bila hisa kusogea unapoteza kama dola 200, wakati ya wiki ingepoteza chini ya 30. Tatu, pengo la Bid, bei unayouzia, na Ask, bei unayonunulia, huko mbali mara nyingi ni pana, ukiona Bid 11.40 Ask 12.60 jua ukinunua na kuuza palepale umeacha dola 120 mezani, so weka oda ya limit, yaani bei unayoitaja mwenyewe, katikati, usinunue kwa bei ya soko.

Kingine kwa sisi wa huku, soko linafunguliwa saa kumi na nusu jioni (kipindi chao cha baridi saa kumi na moja na nusu), ndo muda umeme na mtandao vinapenda kuleta mambo yao. Koli ya siku 70 mtandao ukikata jioni nzima haina shida, ya wiki siku ya Ijumaa ukikatiwa ni hadithi nyingine. Na hiyo mia sita yote usiitie kwenye kontrakti moja ya 596 mkuu, tafuta hisa ya bei ndogo kidogo, ya dola 40 hivi, IV ikiwa hiyohiyo ya siku 90 itakuwa kama dola 240.